Bonge Moja, Tiba Mbili: Kwa Nini Picha ya Ubongo Hutangulia Dawa ya Kiharusi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni daktari wa wagonjwa wa dharura, na leo nimekuja na swali moja tu. Niliulizwa swali hilo mlangoni pa chumba cha skani na kijana aliyemleta mama yake. Mama alikuwa amepooza mkono na mguu wa kulia, mdomo umevutwa upande, maneno hayatoki. Kijana aliona tumepita chumba cha dawa bila kusimama, tunasukuma machela moja kwa moja kwenda kwenye picha. Akanishika koti, akasema, "Daktari, mama yangu anakufa, na nyinyi mnakwenda kumpiga picha? Si mumpe dawa kwanza?"

Nilimwambia, "Subiri kidogo, kaka. Picha ndiyo itakayoniambia nimpe dawa gani." Nilisema kweli, lakini jibu lile lilikuwa fupi mno kwa mtu anayemwona mama yake anamponyoka. Leo nataka kulitoa lote.

Kiharusi ni magonjwa mawili yaliyopewa jina moja kwa sababu ukiyatazama kwa nje yanafanana. Katika kiharusi cha kwanza, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umezibwa na bonge la damu. Bonge hilo huenda limetoka kwenye moyo unaodunda ovyo, au kwenye mshipa wa shingo wenye utando wa mafuta, au limejijenga palepale ubongoni. Mbele ya bonge, damu haipiti. Katika kiharusi cha pili, mshipa umepasuka. Mara nyingi ni mshipa mwembamba sana, ndani kabisa ya ubongo, uliochoshwa na presha ya miaka mingi. Damu inamwagika kwenye nyama ya ubongo na kutengeneza dimbwi.

Sasa fikirini sehemu ya ubongo inayoongoza mkono wa kulia. Sehemu hiyo iko upande wa kushoto wa kichwa. Ikikosa damu, mkono unaanguka. Ikikandamizwa na dimbwi la damu, mkono unaanguka vilevile. Mimi ninayesimama kando ya kitanda naona mkono umeanguka, basi. Chanzo kimejificha nyuma ya mfupa wa fuvu.

Tuanze na mama yule. Ubongo wenye afya hupata damu kama mililita 50 kwa kila gramu 100 za nyama yake, kila dakika. Mshipa ukiziba, pale katikati panapotegemea mshipa huo peke yake damu hushuka chini ya mililita 10, na seli hufa katika dakika chache. Hapo hatuna la kufanya. Lakini pembezoni mwa eneo hilo kuna seli zinazoombaomba damu kwa mishipa ya jirani. Zinapata mililita 15 hivi, labda 18. Kiasi hicho hakitoshi kuzifanya zifanye kazi, kwa hiyo zimenyamaza, mkono hauendi, ulimi hausemi. Ila kinatosha kuziweka hai kwa muda. Seli hizo zimezimia, hazijafa. Tiba yote ya dharura ya kiharusi cha kuziba ni kwa ajili yao. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalisema kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba bila kutibiwa, seli kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Kijana yule alikuwa na haki ya kuwa na haraka.

Dawa ya kuzifikia seli hizo ipo. Inaitwa alteplasi, na siku hizi kuna ndugu yake tenekteplasi, ambayo hutolewa kwa sindano moja tu. Inafanyaje kazi? Bonge la damu limeshikwa pamoja na nyuzi nyembamba za protini ziitwazo fibrini, mithili ya wavu uliokamata chembe za damu. Dawa huamsha kimeng'enya kilichomo tayari mwilini, nacho hukata nyuzi zile. Wavu ukikatika, bonge linamomonyoka na damu inapita. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1995 nchini Marekani ulionyesha kwamba waliopewa alteplasi ndani ya saa tatu walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana baada ya miezi mitatu, ukiwalinganisha na wale ambao hawakuipata. Mwaka 2008 utafiti mwingine ukasogeza mpaka huo hadi saa nne na nusu.

Sasa njooni kwa mgonjwa wa pili. Wiki ileile nilimpokea mzee mmoja, naye kapooza upande wa kulia, naye hasemi. Kwake mshipa ulikuwa umepasuka. Mshipa ukipasuka, mwili haukai ukitazama. Chembe za damu hukimbilia kwenye tundu, fibrini hutandazwa juu yake, na bonge hujengeka ili kuziba mahali panapovuja. Ni bonge lilelile. Ni nyuzi zilezile za fibrini. Kwa mama bonge ndilo lililokuwa likimuua. Kwa mzee bonge ndilo kizibo pekee kilichosimama kati yake na kifo. Dawa ninayoisukuma kwenye mshipa wa mkono haina macho. Haijui lipi ni bonge baya na lipi ni kizibo. Inazikata nyuzi popote izikutapo.

Na hatari hii si ya kubuni mezani. Katika ule utafiti wa 1995, kila mgonjwa alipigwa picha kwanza, na yeyote aliyekuwa na damu iliyomwagika ubongoni hakupewa dawa. Hata hivyo, miongoni mwa waliopewa alteplasi, 6 hivi kati ya 100 walivuja damu ubongoni kiasi cha kuzidiwa, wakati kwa wasiopewa hakufika hata 1 kati ya 100. Hao walikuwa watu ambao mishipa yao haikuwa imepasuka. Mpe dawa hiyo mtu ambaye tundu lake liko wazi tayari, na unakuwa umeng'oa kizibo kwa mkono wako mwenyewe.

Watu wengi wakifika hapa huelewa. Dawa ya kuyeyusha bonge haifai kwa anayevuja, hilo ni wazi. Lakini huniambia, "Basi daktari, wakati mnangoja picha, si mshushe presha angalau? Presha iko juu, kila mtu anaiona." Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa gumu, na ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hata sisi wahudumu wa afya tumekosea sana hapa.

Karibu kila mgonjwa wa kiharusi hufika na presha iliyopanda. Yule mama alikuwa na 196 juu ya 114. Yule mzee alikuwa na 208 juu ya 116. Ukiziona namba hizo mkono unawasha kuzishusha. Lakini kumbukeni zile seli zilizozimia za mama, zinazoishi kwa damu ya kuombaomba. Damu hiyo inapenya kwenye vijishipa vyembamba vya kuzungukia, na kinachoisukuma ipenye ni ile presha ya juu. Ukiishusha ghafla hadi 140, unaweza kuwa umezima mkondo wa mwisho uliokuwa ukiziweka hai. Ndiyo maana mgonjwa mwenye mshipa ulioziba, ikiwa hapewi dawa ya kuyeyusha, huachwa na presha yake hata ikipanda hadi 220 juu ya 120, isipokuwa kama kuna sababu nyingine, kwa mfano moyo unashindwa. Akiwa anapewa dawa ya kuyeyusha, tunaishusha kidogo tu, iwe chini ya 185 juu ya 110 kabla ya sindano, kisha isizidi 180 juu ya 105 kwa saa 24, ili tupunguze hatari ya kuvuja.

Kwa mzee, kila kipimo cha presha ni msukumo nyuma ya tundu. Dimbwi la damu halimaliziki dakika lilipoanza. Kwa theluthi moja hivi ya wagonjwa huendelea kukua katika saa za mwanzo, na kukua huko ndiko kunakoua. Kwa hiyo kwake hatungoji. Tunashusha presha ya juu hadi karibu na 140, mapema, taratibu bila kuruka huku na huku, na tunajihadhari isishuke chini ya 130.

Tazameni basi: 180 ya mama ni namba ya kumwacha nayo, 180 ya mzee ni namba ya kupambana nayo saa hiyohiyo. Namba moja, maana mbili.

Wapo waliojaribu kuona kama inawezekana kuanza kushusha presha kabla ya picha. Ulikuwa utafiti mkubwa uliofanyika China, unaoitwa INTERACT4, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024. Wagonjwa 2,404 waliodhaniwa kuwa na kiharusi, wenye presha ya juu sana, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walishushwa presha wakiwa ndani ya gari la wagonjwa, nusu wakasubiri hadi hospitalini. Mwishoni, ukiwatazama wote pamoja, hapakuwa na tofauti. Mtu mvivu wa kusoma angefunga karatasi hapo na kusema dawa ile haina kazi. Lakini walipowatenganisha kwa picha, karibu nusu yao walikuwa wamepasuka mshipa, na hao matokeo yao yalikuwa bora zaidi kwa kushushwa mapema. Wale walioziba mshipa, matokeo yao yalikuwa mabaya zaidi. Faida ya huku ililiwa na hasara ya kule, na jumla ikawa sifuri. Mimi sijaona ushahidi unaosema jambo hili waziwazi kuliko huo. Ukitibu bila kuona, unamwokoa mmoja na kumlipisha mwenzake.

Mtu anaweza kuuliza kama daktari mzoefu hawezi kutambua kwa dalili tu. Tulifundishwa kwamba anayevuja huumwa kichwa sana, hutapika, na fahamu humtoka upesi. Ni kweli kwamba dalili hizo huonekana zaidi kwa wanaovuja. Wapo hata waliotengeneza vipimo vya kujumlisha alama kwa dalili hizo, kimojawapo kutoka Thailand. Tatizo ni kwamba neno "zaidi" halitoshi pale unaposhika sindano inayoweza kuua. Wagonjwa wangu wawili ndio wanaonikumbusha hili kila siku. Yule mama mwenye mshipa ulioziba ndiye aliyekuwa akishika kichwa na alitapika mara mbili njiani. Yule mzee mwenye mshipa uliopasuka alikuwa ametulia, macho yanatufuata, hakulalamika kichwa hata mara moja. Ningewatibu kwa kukisia, ningewakosea wote wawili, tena kwa kufuata kitabu.

Ndipo tunaporudi kwenye ile mashine. Inaitwa skani ya CT. Inatumia eksirei, lakini badala ya kupiga mara moja kutoka mbele, inazunguka kichwa na kupima jinsi miale inavyopungua kila upande, kisha kompyuta inajenga picha ya vipande, kimoja baada ya kingine. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hiyo alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Kabla ya siku hiyo eksirei ya kichwa ilituonyesha mfupa tu. Damu ndani ya ubongo wa mtu aliye hai hatukuwa na njia nyepesi ya kuiona.

Kipimo cha picha hiyo kina namba zilizopewa jina la Hounsfield mwenyewe. Maji ni 0. Mfupa mgumu hufika 1,000 au zaidi. Nyama ya ubongo iko kwenye 30 na kitu, na huonekana kijivu. Damu iliyomwagika na kuganda hupanda hadi 60 au 80, kwa sababu maji yake yanakamuliwa na protini ya chembe nyekundu inajazana mahali pamoja. Kwa hiyo inaonekana nyeupe, nyeupe inayong'aa katikati ya kijivu. Huhitaji miaka mingi ya shule kuiona. Siku ya mzee yule, muuguzi aliyesimama nyuma yangu aliiona kwenye kioo kabla sijafungua mdomo: doa jeupe upande wa kushoto, ndani kabisa, lenye kingo kama zilizokatwa kwa mkasi. Tulilipima hapohapo. Urefu sentimita 4, upana 3, kimo 3. Ukizizidisha na kugawa kwa 2 unapata mililita 18. Ni hesabu ya penseli, lakini ndiyo tunayoitumia kujua kama kesho dimbwi limekua au limesimama.

Na mama je? Picha yake ilionekana ya kawaida. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hupotea. Kijana wake alipochungulia na kumsikia mtaalamu wa picha akisema hakuna kitu, uso ulimwangaza kwanza, kisha ukamjaa hasira. "Kama hakuna kitu, kwa nini haongei?"

Jibu ni kwamba kwenye kiharusi cha kuziba, saa za mwanzo, skani ya kawaida mara nyingi haionyeshi kitu, au inaonyesha alama hafifu sana ambazo jicho lililozoea ndilo linaloziona. Seli zilizokosa damu hazibadiliki rangi papo hapo. Zinahitaji muda zijae maji na kufifia, ndipo doa la giza lijitokeze, na wakati huo zimeshakufa. Kwa hiyo sisi hatumpeleki mgonjwa kwenye skani kutafuta kiharusi. Kiharusi tumeshakiona mkononi na mdomoni mwake. Tunampeleka kutafuta damu. Mgonjwa aliyepooza ghafla, ambaye sukari yake imepimwa na haijashuka, ambaye picha yake haina weupe, huyo ndiye anayeweza kupewa dawa ya kuyeyusha. Ile picha "isiyo na kitu" ndiyo ruhusa tuliyokuwa tunaingoja.

Nimetaja sukari, nisiipite. Sukari ikishuka sana humpoozesha mtu upande mmoja kana kwamba ana kiharusi, na glukosi ikiingia anaamka. Tone la damu la kidoleni linatosha, na hupimwa machela ikiwa njiani, haliongezi dakika.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu picha, nalo ni siku zake. Weupe wa damu hauishi. Kadiri siku zinavyopita unafifia, na baada ya wiki moja au zaidi unaweza kufanana na kijivu cha ubongo, kisha ukawa giza. Dimbwi la zamani huweza kuonekana sawasawa na kiharusi cha kuziba. Kwa hiyo mtu anayengoja wiki mbili nyumbani ndipo aende kupigwa picha, hupoteza tiba ya dharura na mara nyingi hupoteza hata jibu la swali alilougua nalo. Hapo huenda ikahitajika mashine ya MRI, ambayo huona mabaki ya damu hata baadaye.

Sasa niwaonyeshe jinsi saa zilivyokwenda kwa mama. Swali la kwanza tulilomuuliza kijana lilikuwa: mara ya mwisho mama alionekana mzima ilikuwa saa ngapi? Hatukuuliza saa alipokutwa ameanguka. Mtu aliyelala mzima saa nne usiku akaamka kapooza saa kumi na mbili asubuhi, kwetu saa yake inaanzia saa nne usiku. Kijana alifikiri, akasema mama alizungumza na jirani saa mbili kasorobo asubuhi. Ukiongeza saa nne na nusu, mlango wa dawa ungefungwa saa sita na robo. Walifika kwetu saa tatu na dakika ishirini. Picha ilikuwa kwenye kioo saa tatu na dakika arobaini na mbili. Haina damu. Presha bado 196 juu ya 114, kwa hiyo alipewa labetaloli miligramu 10 kwenye mshipa, taratibu, na baada ya dakika kadhaa ikasoma 178 juu ya 100.

Uzito wake ulikuwa kilo 70. Alteplasi hutolewa miligramu 0.9 kwa kila kilo, na haizidi 90 hata mtu awe mnene kiasi gani. Kwa mama ilikuwa miligramu 63. Sehemu ya kumi, yaani 6.3, iliingia kwa dakika moja. Iliyobaki, 56.7, ilipitishwa polepole kwa saa nzima. Sindano ya kwanza iliingia saa nne na dakika kumi, dakika 50 tangu machela ivuke mlango wetu. Picha ilikula sehemu ndogo tu ya dakika hizo. Kijana alihisi tumempotezea mama muda kwenye picha, na kumbe muda mwingi zaidi ulipotea kabla hawajatoka nyumbani, wakimkanda mkono na kusubiri aamke.

Nikisema hivyo simlaumu mtu. Lakini yapo mambo mawili ya nyumbani ambayo lazima niyaseme, kwa sababu yanahusu moja kwa moja hivi viharusi viwili. Yule mzee, mtoto wake alikuwa amempa aspirini kabla ya kumleta. Vidonge vinne vidogo, miligramu 300 kwa jumla. Alikuwa amesoma kwamba aspirini huokoa watu. Alisoma kweli, ila ushauri ule ulihusu mshtuko wa moyo. Aspirini huzifanya chembe zinazoziba tundu zisishikane, na kila chembe iliyoguswa hubaki hivyo maisha yake yote, siku saba hadi kumi. Sitamwambia kijana yule kwamba vidonge vyake ndivyo vilivyomharibia baba, maana madimbwi mengi hukua hata bila aspirini. Lakini nilihitaji kila chembe ya mzee iwe kazini asubuhi ile. Pia mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kumeza vizuri. Maji na kidonge huingia kwenye mapafu. Hivyo asipewe chochote mdomoni, si aspirini, si dawa yake ya presha, mpaka uwezo wake wa kumeza umepimwa.

La pili, njooni na dawa zake zote, hata kama ni pakiti tupu. Anayetumia wofarini kwa ajili ya moyo, damu yake haigandi kwa urahisi. Akiwa mshipa wake umeziba, huenda hiyo ikamnyima alteplasi. Akiwa mshipa umepasuka, tunatakiwa kuigeuza wofarini mara moja, kwa vitamini K kwenye mshipa na viambato vya kugandisha damu. Mnaona hata hapa njia zinapishana: kwa mmoja tunayeyusha, kwa mwingine tunagandisha.

Na kama hospitali mliyofika haina skani? Basi dawa ya kuyeyusha isitolewe kabisa, na presha isiporomoshwe kwa kukisia. Hospitali hiyo ina kazi zake: kulinda njia ya hewa, kupima sukari, kuandika saa ya mwisho ya uzima, na kumsafirisha upesi penye mashine.

Mzee tulimshusha presha hadi 142 ndani ya saa moja. Skani ya pili, saa sita baadaye, dimbwi lilipima mililita 22. Lilikua kidogo, likasimama. Hakufanyiwa upasuaji. Mkono wake wa kulia haujarudi wote, lakini anatembea na fimbo na anajibu ukimwita.

Mama alianza kuvisogeza vidole dawa ikiwa bado inaingia. Kesho yake asubuhi tulimrudisha kwenye skani, na kijana wake, safari hii bila hasira, akaniuliza kwa nini picha tena wakati anapata nafuu. Nilimweleza kwamba baada ya alteplasi tunangoja saa 24, kisha tunatafuta weupe kwa mara nyingine, kwa sababu kuna dawa anayotakiwa kuanza na hatuwezi kuianza kama amevuja. Tulitazama kioo pamoja. Upande wa kushoto lilikuwa limejitokeza doa dogo la giza, zile seli za katikati ambazo hatukuziwahi. Weupe haukuwepo. Muuguzi akampa mama kijiko cha maji, akamtazama koo, akampa kingine. Hakukohoa. Ndipo akamwekea kidonge mkononi, mkono wa kulia, akakipeleka mdomoni mwenyewe. Kilikuwa aspirini.